Daftari la oda la fundi nguo: kutoka vipimo na amana hadi orodha ya kazi za leo

Mafundi wengi wana daftari. Jina la mteja limo, vipimo vimo, na pembeni pameandikwa "Jumamosi". Lakini daftari la namna hiyo halijibu swali ambalo fundi huulizwa kila siku: nguo hii mpya, ukizingatia zile ulizokwisha kuzipokea, itawezekana kuisha lini? Asipokuwa na jibu, fundi hutaja siku anayoitaka mteja. Ahadi huvunjika pale pale inapotolewa, hata kabla kitambaa hakijakatwa.

Mwongozo huu unajenga daftari linalojibu swali hilo, kwa Google Sheets, kwa sababu hufunguka kwenye simu na kompyuta na orodha ya siku hujipanga yenyewe. Utahitaji faili moja lenye laha tano: VIPIMO, ODA, MALIPO, AHADI na LEO. Andika majina hayo hivyo hivyo kwa herufi kubwa, maana fomula zinayatafuta kwa majina.

Kabla ya yote fungua File > Settings uchague nchi na saa za eneo lako. Zikikosewa, "leo" ya daftari itageuka saa isiyo yake, na 5/3 inaweza kusomwa kuwa mwezi wa tano tarehe 3. Kuna mipangilio ya nchi inayotaka nukta-mkato (;) badala ya mkato (,) ndani ya fomula. Fomula za hapa zikikataliwa, anza kubadilisha hapo.

VIPIMO: kila kupima ni mstari mpya

Safu ni hizi: Kipimo (namba, kwa mfano V41), Tarehe, Mteja, Simu, Kifua, Kiuno, Nyonga, Mabega, Mgongo, Mkono, Mzingo wa mkono, Urefu, Maelezo. Kwa suruali ongeza Paja, Urefu wa ndani wa mguu na Mdomo wa suruali.

Mteja akirudi baada ya miezi sita, usifute vipimo vya zamani. Mpime upya, mpe mstari mpya na namba mpya. Oda huunganishwa na namba ya kipimo, haiunganishwi na jina la mteja. Siku mteja akilalamika kwamba gauni linabana, utaona lilishonwa kwa V41 au kwa V67, na kama mwili ndio uliobadilika au mkono wa fundi ndio uliokosea. Pia linganisha mistari hiyo miwili mteja akiwa bado amesimama mbele yako. Kifua kikitofautiana kwa zaidi ya sentimita 5 na kipimo cha zamani, pima mara ya pili kabla ya kuandika. Mara nyingi tepu ilishuka mgongoni.

Andika kipimo cha mwili, si cha nguo. Kosa hili ndilo linaloharibu vitambaa vingi kwenye karakana yenye watu wawili: anayepima anaongeza nafasi ya kupumulia kichwani mwake na kuandika 98, kisha anayekata anaona 98, anadhani ni mwili, naye anaongeza yake. Blauzi ya kitambaa kisichovutika, yenye kukaa mwilini, huhitaji nafasi ya sentimita 5 hadi 8 kwenye kifua. Ikiongezwa mara mbili, inatoka nguo ya mtu mwingine. Kwa hiyo kifua cha mwili, 92, kinakaa VIPIMO, na nafasi inaandikwa kwenye laha ya ODA karibu na maelezo ya nguo: "nafasi kifua 6".

Kubalianeni pia maana ya kila neno, muiandike juu ya laha. "Mabega" ni kutoka ncha ya bega moja hadi ncha ya jingine, kupitia mgongoni. "Mkono" unaanzia ncha ya bega, wala si shingoni. "Urefu" wa gauni unaanzia bega karibu na shingo, na kwenye Maelezo taja kama mteja alivaa viatu vya kisigino. Chagueni kipimo kimoja, sentimita au inchi, kwa faili zima. Mtu akiandika 36 kwenye safu ya kifua huku wengine wana 92, kosa linaonekana haraka. Lakini 24 kwenye safu ya mkono inaweza kuwa inchi za mkono mrefu au sentimita za mkono mfupi, na hakuna atakayestuka.

ODA: nguo moja, mstari mmoja

Mteja akileta gauni na suruali, hizo ni oda mbili zenye namba mbili, hata kama amelipa kwa mkupuo. Moja inaweza kuchukuliwa mapema, nyingine ikarudi kurekebishwa, na kila moja ina saa zake. Safu kuanzia A hadi L:

A Oda, B Kupokewa, C Mteja, D Kipimo, E Nguo, F Saa zilizobaki, G Kujaribu, H Ahadi, I Mwisho, J Hali, K Bei, L Salio.

Safu nne zinahitaji maelezo.

F ni saa za kazi zilizobaki kwenye nguo hiyo, kuanzia kukata hadi pasi ya mwisho. Oda ikiingia unaandika makadirio yote, tuseme 10. Jioni unapunguza: umekata na kushikiza kwa saa 4, inabaki 6. Nguo ikiisha, F ni 0. Mafundi hukadiria muda wa mashine wakasahau kukata, ovaloki, vifungo, pindo la mkono na pasi, kisha wakashangaa kwa nini gauni la "saa tano" limekula siku mbili. Kwa wiki nne za mwanzo, andika pia muda halisi wa kila aina ya nguo. Makadirio yako yatajirekebisha.

H ni siku uliyomwambia mteja. I ni siku nguo inapotakiwa iwe imekwisha na kutundikwa, siku mbili za kazi kabla ya ahadi. Mteja haambiwi I. Siku hizo mbili ni za zipu iliyokatika, umeme uliokatika na pindo lililokataa kunyooka. Karakana ikipanga kazi kwa kuangalia H, kila hitilafu ndogo inageuka kuwa ahadi iliyovunjwa. I hujihesabu. Weka fomula hii kwenye I2, uiburute chini:

```
=IF(H2="","",WORKDAY.INTL(H2,-2,11))
```

Namba 11 ina maana kwamba siku ya mapumziko ni Jumapili peke yake. Mkipumzika Ijumaa peke yake, weka 16. Kwa Jumamosi na Jumapili, weka 1. Itumieni namba moja kwenye fomula zote.

J, Hali, iwe na maneno matano tu: MPYA, IMEKATWA, IMEJARIBIWA, TAYARI, IMEFUNGWA. Yaweke kwenye Data > Data validation ili yachaguliwe badala ya kuandikwa kwa mkono, kwani "Imefugwa" ya haraka haraka itaiacha nguo iliyokwisha chukuliwa ikisumbua kwenye orodha kila asubuhi. IMEFUNGWA hutumika nguo ikiwa imetoka na salio ni sifuri, au oda ikiwa imevunjwa na F imewekwa 0.

MALIPO, na sheria moja ya amana

Amana, au advansi kama wengi wanavyosema, isiandikwe kwenye safu ya ODA. Ukiandika 50 pale, kisha mteja akalipa 20 siku ya kujaribu, utafuta 50 na kuandika 70. Tangu hapo hakuna ajuaye zililipwa lini, wala kwa mara ngapi. Kwenye MALIPO kila fedha iliyopokewa ina mstari wake: A Tarehe, B Oda, C Aina (amana, nyongeza, salio, rudisho), D Kiasi, E Namba ya risiti. Fedha uliyomrudishia mteja iandike kwa alama ya kutoa, -20. Salio kwenye ODA linajihesabu kwa fomula hii ya L2, nayo uiburute chini:

```
=IF(A2="","",K2-SUMIF(MALIPO!B:B,A2,MALIPO!D:D))
```

Namba ya oda isirudiwe kamwe, hata mwaka mpya ukianza. Ukiwa na 118 mbili, fomula itajumlisha malipo ya wateja wawili na kila mmoja ataonekana amelipa zaidi. Jioni, jumla ya siku inatakiwa ilingane na fedha zilizopokewa:

```
=SUMIF(MALIPO!A:A,TODAY(),MALIPO!D:D)
```

Amana iwe kiasi gani? Isipungue vifaa vyote utakavyonunua wewe, pamoja na gharama ya kukata. Kitambaa kikishakatwa kwa mwili wa mtu hakiuziki tena. Nguo ya bei 80, yenye bitana, zipu na vifungo vya 30, haifai kuanza kwa amana ya 20.

Na sheria ni hii: tarehe ya ahadi haiandikwi mpaka amana imeingia na kitambaa kimefika. Kabla ya hapo mstari upo, bei ipo, lakini H iko wazi. Mteja ambaye H yake iko wazi haingii kwenye hesabu ya saa wala kwenye orodha ya siku, kwa hiyo hapokonyi nafasi ya aliyelipa. Akirudi Alhamisi na amana, tarehe yake inahesabiwa kuanzia Alhamisi. Mwambie hivyo tangu siku ya kwanza.

AHADI: kujua siku ipi ina nafasi

Hapa ndipo daftari linapolipa gharama yake. Kwenye B1 andika saa za kushona halisi kwa siku. Karakana iliyo wazi saa 9 haina saa 9 za kushona: wateja wanakuja, vipimo vinachukuliwa, mashine inapakwa mafuta. Kwa fundi mmoja, 6 ni makisio ya busara ya kuanzia. Kuanzia mstari wa 4, safu A ni siku za kazi zinazokuja, B ni saa zinazodaiwa hadi siku hiyo, C ni saa zilizopo, D ni nafasi:

```
A4: =WORKDAY.INTL(TODAY(),1,11)
A5: =WORKDAY.INTL(A4,1,11)
B4: =SUMIFS(ODA!$F$2:$F$500,ODA!$I$2:$I$500,"<="&A4)
C4: =NETWORKDAYS.INTL(TODAY()+1,A4,11)*$B$1
D4: =C4-B4
```

Buruta A5 hadi mstari wa 33, na B, C, D vivyo hivyo. Hesabu inaanzia kesho kwa makusudi, kwa sababu saa za leo zilizobaki hazitabiriki.

Tuchukue mfano. Ni Jumatatu jioni, fundi mmoja, saa 6 kwa siku, Jumapili mapumziko. Oda zilizopo ni nne: 114 suruali, saa 4, Mwisho Jumatano, 115 gauni, saa 9, Mwisho Alhamisi, 116 shati, saa 5, Mwisho Jumamosi, 117 koti, saa 16, Mwisho Jumatano ya wiki ijayo. Laha ya AHADI inaonyesha hivi:

| Siku | Zinazodaiwa | Zilizopo | Nafasi |
|---|---|---|---|
| Jumanne | 0 | 6 | 6 |
| Jumatano | 4 | 12 | 8 |
| Alhamisi | 13 | 18 | 5 |
| Ijumaa | 13 | 24 | 11 |
| Jumamosi | 18 | 30 | 12 |
| Jumatatu | 18 | 36 | 18 |
| Jumanne | 18 | 42 | 24 |
| Jumatano | 34 | 48 | 14 |

Anaingia mteja na gauni lenye bitana, makadirio saa 10, anataka Jumamosi. Ukitazama kwa macho, Jumamosi ina nguo moja tu ya kutoka, na ulimi unataka kusema ndiyo. Lakini ahadi ya Jumamosi ina Mwisho wa Alhamisi, na Alhamisi ina nafasi ya saa 5. Haiwezekani. Ahadi ya Jumatatu ina Mwisho wa Ijumaa: nafasi 11, itabaki 1. Inaingia, ila kwa kubana. Ahadi ya Jumanne ina Mwisho wa Jumamosi: nafasi 12, zitabaki 2, na siku zote zinazofuata zina nafasi ya saa 14 au zaidi. Jibu kwa mteja ni Jumanne, na siku ya kujaribu ni Ijumaa. Akilipa 50 kwenye bei ya 80, oda 118 inapata tarehe na salio linasoma 30.

Kitu kinachopuuzwa ni siku zinazofuata. Tuseme badala ya huyo kaja mteja wa sketi ya saa 6 anayeitaka Ijumaa hii. Mwisho wake ni Jumatano, yenye nafasi 8, na inaonekana inatosha. Shuka mstari mmoja: Alhamisi ina nafasi 5, na ukiongeza 6 inakuwa -1. Sketi itawahi, na gauni la 115 ndilo litakalochelewa, la mteja aliyekwisha ahidiwa. Kwa hiyo kanuni ni kwamba saa za oda mpya zitoshe kwenye siku yake ya Mwisho na kwenye kila siku iliyo chini yake. Njia rahisi ni kuandika F na H kwenye ODA kwa majaribio, ukatazame D. Ikitokea namba hasi popote, futa H ujaribu siku ya mbele.

LEO: orodha ya asubuhi

Laha ya LEO ina orodha tatu. Iweke ya kwanza A3, ya pili A30, ya tatu A60, ili zisigongane. Orodha ikikua ikagonga iliyo chini yake utaona `#REF!`, nawe isogeze ya chini.

Ya kwanza ni nguo zinazotakiwa kutoka leo, pamoja na zilizopitiliza:

```
=IFERROR(SORT(FILTER(ODA!A2:L500,ODA!H2:H500>0,ODA!H2:H500<=TODAY(),ODA!J2:J500<>"IMEFUNGWA"),8,TRUE),"Hakuna")
```

Ya pili ni wateja wa kujaribu leo na kesho, pamoja na waliopitisha siku yao. Kesho imo ili upate muda wa kuwakumbusha, na ili nguo ambayo bado haijashikizwa ionekane mapema:

```
=IFERROR(SORT(FILTER(ODA!A2:L500,ODA!G2:G500>0,ODA!G2:G500<=TODAY()+1,(ODA!J2:J500="MPYA")+(ODA!J2:J500="IMEKATWA")),7,TRUE),"Hakuna")
```

Ya tatu ni kazi ya mashine, zimepangwa kwa Mwisho:

```
=IFERROR(SORT(FILTER(ODA!A2:L500,ODA!H2:H500>0,ODA!F2:F500>0),9,TRUE),"Hakuna")
```

Anza juu, jumlisha safu ya F mpaka ifike 6, upige mstari hapo. Hiyo ndiyo kazi ya leo. Katika mfano wetu, Jumanne ni 114 yote na saa 2 za mwanzo za 115. Jumatano ni 115 pekee, na Alhamisi inamalizika 115 kwa saa 1. Zilizobaki 5 zinaingia 118, si 116, ingawa zote mbili Mwisho wake ni Jumamosi, kwa sababu 118 inajaribiwa Ijumaa. Fomula haijui hilo. Fundi ndiye anayeamua zikigongana siku moja, na nguo yenye kujaribu hutangulia.

Ugonjwa mbaya wa orodha hizi ni wa kimya. Mtu akiandika tarehe kama "Jumanne 12" au 12.5 mahali ambapo faili linatarajia 12/5, huenda isisomwe kuwa tarehe. Ikibaki kuwa maandishi, nguo haitaonekana kwenye orodha ya kwanza ya LEO, na saa zake hazitahesabiwa kwenye AHADI. Dalili pekee huweza kuwa `#VALUE!` kwenye safu ya I, na ni rahisi kuipita. Weka kipimo hiki juu ya LEO, na kisome 0 kila asubuhi:

```
=COUNTA(ODA!H2:H500)-COUNT(ODA!H2:H500)
```

Kikisoma 1 au zaidi, pitia safu ya H utafute iliyokaa upande wa kushoto wa kisanduku. Tarehe halali, kama hujabadilisha mpangilio wake, hukaa kulia.

Kuunganisha daftari na kitambaa

Lahajedwali halijui bunda lipi ni la nani. Andika namba ya oda kwenye kipande cha kadi, kibane kwa pini kwenye kitambaa kikiwa kizima, na baada ya kukata funga vipande vyote pamoja na kadi hiyo. Usitegemee chaki: inapukutika na inafutika kwa pasi. Kadi ibaki na nguo mpaka inatundikwa, na mteja apewe risiti yenye namba ile ile, ahadi na salio.

Jioni, dakika tano: punguza F kwa kila nguo iliyoguswa, badilisha Hali, linganisha fedha. Ukiruka jioni mbili, F zinakuwa kubwa kuliko kazi halisi, AHADI inaonyesha huna nafasi, na utakataa oda ambazo ungeziweza.

D ikigeuka hasi kwa oda zilizokwisha ahidiwa, tuseme mashine imelala siku nzima, piga simu siku hiyo hiyo. Tazama siku ya kwanza yenye hasi. Anayehitaji kusogezwa ni mmoja wa wale ambao Mwisho wao ni siku hiyo au kabla yake. Kumsogeza mwingine hakuponyi kitu. Kati yao chagua nguo yenye saa nyingi zilizobaki, maana utampigia mteja mmoja badala ya watatu, na mwenye sherehe siku hiyo muache alipo. Badilisha H yake wakati bado uko kwenye simu, utazame safu ya D, na umtajie tarehe baada tu ya hasi zote kuondoka.